Stata inalia "wiii" lakini injini haizunguki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nikiwasha, stata inalia kwa kasi kama feni lakini injini haishtuki. Je, betri imekufa?

Hapana, na usianze kwa kununua betri. Betri iliyokwisha nguvu huifanya stata izunguke kwa uzito, au itoe "ta-ta-ta" tu na kunyamaza. Stata inayolia "wiii" nyembamba ya kasi ina umeme wa kutosha. Inakwenda mbio kwa sababu haina mzigo: mota inazunguka peke yake, nguvu haiifikii injini.

Kuna kipimo kinachofanyika hata gizani bila chombo chochote. Washa taa kubwa, kisha geuza ufunguo. Stata inayosukuma injini kwelikweli hula umeme mwingi, hivyo taa hufifia waziwazi. Ikilia na taa zikabaki karibu vilevile, haijabeba kitu. Mwenye mita aipime betri wakati huohuo: injini ikizungushwa, betri nzima ya volti 12 hushuka hadi karibu volti 10, lakini stata inayoteleza haiishushi kiasi hicho.

Nguvu hiyo inapotelea wapi?

Ufunguo ukifika mwisho, solenoidi, yaani lile kopo dogo juu au pembeni ya stata, hufanya kazi mbili kwa mfuatano. Kwanza huisukuma gia ndogo ya bendeksi mbele hadi meno yake yaingie kwenye meno ya ringi gia, pete iliyolizunguka flaiwili, lile gurudumu zito lililofungwa kwenye krenki. Baada ya hapo ndipo hubana vishikizo vya shaba, na umeme mkubwa ukaenda kwenye mota. Mota huzungusha bendeksi, bendeksi huzungusha ringi gia, na krenki, shafti kuu ya injini, hufuata.

Bendeksi yenyewe si kipande kimoja. Kati ya shimo linaloshika shafti na gia ya nje kuna klachi ndogo ya rola na springi zilizokaa kwenye vijumba vyenye umbo la kabari. Upande mmoja rola hubana na nguvu ikapita. Upande wa pili huachia. Sababu ya kuwekwa ni hesabu rahisi. Tuseme gia ya bendeksi ina meno 10 na ringi gia ina 120: injini ikizunguka mara moja, bendeksi inazunguka mara 12. Injini ikiwaka na kufika mizunguko 1,000 kwa dakika kabla hujaachia ufunguo, gia ya bendeksi inakimbizwa mizunguko 12,000. Mota ingezungushwa kwa kasi hiyo, waya za amecha, sehemu ya mota inayozunguka, zingechomoka. Kwa hiyo klachi huachia, gia ikazunguka bure na mota ikabaki salama.

Basi nguvu inaweza kupotea sehemu tatu: bendeksi haifiki kwenye ringi gia, au imefika lakini klachi yake inateleza, au meno yenyewe yamelika. Dalili za hizo tatu hazilingani kabisa.

Nitazitofautishaje kwa sikio?

Mwambie mtu ageuze ufunguo, wewe usikilize ukiwa karibu na injini. Ukisikia "tak" ya solenoidi, halafu "wiii" laini isiyokwaruza, bendeksi inateleza au haikufika. Mara nyingi klachi ya bendeksi huanza kwa kushika na kuachia: injini inazunguka nusu, halafu stata "inakimbia" yenyewe. Ile nusu inaonyesha kwamba meno yamekutana, na kwamba aliyeshindwa ni klachi.

Ukisikia "krrrr" ya chuma kukwaruza chuma, hapo ni meno: ya bendeksi, ya ringi gia, au yote mawili. Lakini kabla hujahukumu, shika stata uitikise. Bolti zikilegea, stata hukaa upande, na meno hukutana kwa ncha tu. Tumeona ringi gia nzima ikilaumiwa kumbe nati moja ilikuwa imelegea.

Inatokea mara moja kwa siku mbili, nyakati nyingine inawaka vizuri. Hilo linasema nini?

Linakuelekeza kwenye ringi gia, na kuna njia ya kuhakikisha. Injini ikizimwa haisimami popote tu. Husimama pale silinda inapoanza kubana hewa na kushindwa kupita. Kwa injini ya silinda nne, flaiwili husimama karibu na sehemu mbilimbili zilezile zinazotazamana; ya silinda sita husimama sehemu tatu. Meno ya sehemu hizo ndiyo hupigwa na bendeksi kila asubuhi miaka yote, na mengine yamekaa kama mapya.

Stata ikikwaruza au kukimbia, zima swichi, ingiza gia ya juu kabisa, na sukuma gari hatua moja au mbili. Injini itazunguka kidogo, na meno mengine yatasimama mbele ya stata. Rudisha gia huru, vuta breki ya mkono, jaribu tena. Ikiwaka, na siku nyingine ikagoma kwa namna hiyohiyo, ringi gia ina mapengo. Ikigoma vilevile hata baada ya kuisogeza mara tatu, ringi gia haihusiki, tazama bendeksi.

Gari la gia otomatiki halizungushi injini kwa kusukumwa. Hapo ondoa waya wa hasi wa betri, weka soketi kwenye bolti ya puli ya krenki, zungusha robo mzunguko kwa upande injini inakozungukia, kisha rudisha waya.

Mfano mmoja kamili, tafadhali, mwanzo hadi mwisho.

Chukua Haisi ya dizeli ya silinda nne inayobeba abiria kati ya Mtwara na Masasi. Dereva anasema asubuhi inawaka kwa jaribio la tatu, mchana hata la sita. Ameshabadilisha betri na hakuna nafuu. Kila mara anasikia "tak", injini inatikisika kidogo, kisha "wiii".

Betri ikiwa imetulia inasoma volti 12.6. Ufunguo ukigeuzwa na stata ikikimbia, inasoma 11.9. Hapo tayari umeme umeondoka kwenye orodha ya washukiwa. Gari linasukumwa likiwa gia ya tano, mara tatu, na matokeo ni yaleyale kila sehemu. Ringi gia nayo imeondoka. Ule mtikisiko mdogo wa mwanzo unasema bendeksi inafika na kushika kwa sekunde moja. Imebaki klachi ya bendeksi.

Stata inashushwa. Gia ya bendeksi haina jino lililovunjika, ncha zimeng'aa tu, na ndiyo maana mtu akichungulia haraka huirudisha na kusema "iko salama". Lakini gia ikizungushwa kwa vidole inazunguka pande zote mbili. Upande mmoja ulipaswa kufunga. Ndani, rola zimelika na springi zimechoka. Dizeli hubana hewa kwa nguvu zaidi kuliko petroli, kwa hiyo klachi iliyochoka husalimu amri mapema. Kwenye gari dogo la petroli ingeweza kuendelea kushika miezi kadhaa.

Bendeksi inabadilishwa, kitako kinasafishwa, stata inapimwa chini kabla ya kufungwa, na ringi gia inachunguliwa kwa tochi kupitia tundu la stata. Kazi ya nusu siku, ikiwa kipuri kipo mjini.

Stata inafunguliwaje bila ajali?

Ondoa waya wa hasi wa betri kwanza, ufunge kitambaa. Sisitizo hili halina mzaha: ule waya mnene unaokwenda kwenye stata una umeme saa zote hata swichi ikiwa imezimwa, na kwa kawaida haupiti kwenye fyuzi. Spana ikigusa waya huo na bodi kwa pamoja, inaungua mkononi.

Gari likiinuliwa, liweke juu ya stendi au magogo imara, si jeki peke yake. Fungua waya mnene wenye alama 30, kisha waya mwembamba wa ufunguo wenye alama 50. Bolti za kuishikilia stata huwa mbili au tatu, na ya juu ndiyo ya kuchosha. Magari yaliyoishi pwani, Mikindani au Lindi mjini, huwa na chumvi kwenye bolti hizo; zilowanishe mafuta ya kulegeza kutu usiku uliotangulia. Shika stata kwa mkono mmoja unapotoa bolti ya mwisho, ni nzito kuliko inavyoonekana.

Stata nyingi za Toyota za kupunguza mwendo, zile ambazo mota imekaa pembeni ya bendeksi, zina gololi moja ya chuma kati ya chuma cha solenoidi na shafti ya bendeksi, pamoja na springi yake. Ukizitenganisha ikiwa imeinama, gololi inaanguka na kupotelea mchangani. Bila gololi hiyo bendeksi haisukumwi ipasavyo, na utarudi kwenye "wiii" ileile ukiwa na bendeksi mpya.

Naipimaje bendeksi mkononi?

Shika mwili wake mkono mmoja, zungusha gia kwa mwingine. Upande ambao gia huzungukia stata ikifanya kazi iende laini bila kukwama. Upande wa pili ifunge palepale. Ikizunguka pande zote, ikifunga baada ya kuteleza, au ikikwaruza kama ina mchanga ndani, ni ya kutupa.

Kipimo hiki kina kikomo chake. Bendeksi inayofunga kwa nguvu ya vidole inaweza kuteleza chini ya mzigo wa injini. Kwa hiyo ifungie kitambaa, shika gia kwa koleo, na ujaribu kwa nguvu zaidi. Ikipita hata hapo, na gari lilikuwa na dalili zile za mfano wa juu, ibadilishe tu. Dalili za gari ni shahidi mzuri kuliko vidole.

Kisha itelezeshe kwenye spilaini, yaani mifereji ya shafti. Iende na kurudi yenyewe ukiinamisha shafti. Ikikwama, tatizo linaweza kuwa uchafu tu. Tazama na ule uma wa plastiki au chuma unaoisukuma: ukipasuka, solenoidi italia "tak" na mota itazunguka, lakini bendeksi imekaa nyumbani.

Nikiagiza bendeksi kutoka Dar, niseme nini?

Usiseme "ya Haisi" tu. Gari moja linaweza kuwa na aina kadhaa za stata, na kipuri kisichofanana kikishafika kwa basi la usiku kutoka Kariakoo, umepoteza nauli ya kifurushi na siku mbili za gari. Hesabu meno ya gia, pima kipenyo cha nje, hesabu spilaini za ndani, pima urefu wote, na sema inazungukia upande gani. Soma namba iliyobandikwa kwenye mwili wa stata, si namba ya gari. Tuma picha ya ya zamani ikiwa pembeni ya rula. Jino moja pungufu linatosha kuila ringi gia nzima.

Fundi ameiosha bendeksi kwa petroli ikawa safi kabisa. Mbona imeanza kuteleza wiki iliyofuata?

Kwa sababu petroli iliingia ndani ya klachi na kutoa grisi iliyowekwa kiwandani. Ndani hakuna njia ya kuirudisha. Rola zinabaki kavu, zinakwaruzana, zinalika. Hili ndilo kosa tunalolikuta mara nyingi kuliko yote, na wanaolifanya ni watu wasafi.

Bendeksi inafutwa kwa kitambaa kilicholowa kidogo, basi. Vinavyooshwa ni shafti na spilaini zake, na hapo hasa ndipo uchafu unapokaa: vumbi la klachi likichanganyika na grisi ya zamani linakuwa kama gundi. Barabara za vumbi za Newala na Tandahimba huharakisha. Baada ya kusafisha, paka grisi nyepesi, filamu tu inayong'aa. Ukiijaza, utakuwa umetengeneza gundi mpya.

Kama ulikuta oili mbichi ndani ya stata, usifunge bado. Oili sili ya nyuma ya krenki au ya gia boksi inavuja, na bendeksi mpya itakufa kama ya kwanza.

Naipimaje kabla ya kuifunga?

Ibane kwenye kibanio au iwe chini ya kiatu chako, maana huruka inapowaka. Waya wa kubusti wa hasi kwenye mwili wa stata, wa chanya kwenye teminali 30. Kisha gusisha waya mwembamba kutoka chanya hadi 50. Bendeksi iruke mbele mara moja na mota izunguke. Ukiachia, irudi nyuma mara moja. Fanya kwa sekunde chache tu, koili za solenoidi hupata moto haraka. Ikiruka mbele kwa uvivu au ikirudi nusu, usiifunge. Lakini kumbuka kipimo hiki hakina mzigo: kinathibitisha kusukumwa na kurudi, hakithibitishi kwamba klachi itashika.

Ringi gia imelika. Ni lazima nibadilishe flaiwili?

Kwa gia za mkono, mara nyingi hapana. Ringi gia ni pete iliyoingizwa kwa moto na inatoka. Ila gia boksi lazima ishuke, na hapo ndipo gharama ilipo, kwa hiyo hakikisha kwanza. Mtu mmoja azungushe puli ya krenki kwa spana, mwingine achungulie tundu la stata kwa tochi, na atie alama ya chaki alipoanzia ili ajue mzunguko umetimia. Ukingo wa jino unaoingiliwa na bendeksi kuchakaa kidogo ni kawaida. Jino lililokatika, au lililolika hadi kubaki nusu ya urefu, si kawaida.

Flaiwili ikishatoka, ukiwa umetia alama ilivyokaa kwenye krenki, toboa tundu kati ya meno mawili ya ringi, kisha pasua hapo kwa tindo. Vaa miwani. Pete mpya hupashwa moto hadi karibu nyuzi 200, ipanuke na kudondoka mahali pake bila kupigwa. Moto uwe sawa pande zote. Sehemu iliyosuguliwa ikageuka manjano kama majani makavu, inatosha. Ikiwa bluu, umepitiliza na meno yamelainika. Tanuri la mikate linafanya kazi hii vizuri kuliko gesi ya kuchomelea, kama mwenye tanuri atakubali. Upande wa meno wenye ncha zilizochongwa utazame kule bendeksi inakotokea. Iache ipoe yenyewe, usiimwagie maji.

Wapo wanaoitoa pete ya zamani kwa moto na kuirudisha ikiwa imezungushwa robo, ili meno mazima yakae kwenye zile sehemu mbili. Kwa silinda nne hesabu inakubali, na kama pete haipatikani si ujinga. Kujaza meno kwa kuchomelea, hata hivyo, hatushauri: jino linakuwa gumu mahali na laini mahali, na flaiwili inapoteza mizani. Gari la otomatiki lina sahani nyembamba iliyochomelewa ringi, na hiyo hubadilishwa yote.

Injini imewaka lakini stata inaendelea kulia, hata nikiachia ufunguo. Nifanye nini sasa hivi?

Zima ufunguo. Ikiendelea, fungua boneti na uondoe waya wa hasi wa betri upesi. Ndiyo sababu ya kuweka spana namba 10 ndani ya gari. Kila sekunde inayopita inachoma amecha.

Baadaye tafuta sababu. Ondoa waya wa 50, rudisha betri: stata ikizunguka bado, vishikizo ndani ya solenoidi vimeshikana kwa kuungua. Ikinyamaza, swichi ya ufunguo au rilei yake haikurudi. Na kama mota imenyamaza lakini gia imeng'ang'ania kwenye ringi, ni uchafu kwenye spilaini, springi ya kurudisha iliyokufa, au meno yaliyochongoka. Gari la gia za mkono likinaswa hivyo, zima, ingiza gia ya juu, lisukume mbele na nyuma kidogo, gia hujinasua.

Hapa ndipo betri inapoingia kwa mlango wa nyuma. Volti ikiwa chini, solenoidi inashika na kuachia haraka-haraka, vishikizo vinapigana cheche hadi vinashikana, na bendeksi inagonga ringi gia mara kumi badala ya moja. Msimu wa korosho, malori yaliyopanga foleni ghalani huzimwa na kuwashwa kila yanaposogea hatua chache, betri haipati muda wa kujaa. Kwenye foleni ya namna hiyo ni nafuu kuacha injini iungurume kuliko kuiwasha mara 30.

Kugonga stata kwa nyundo kunasaidia?

Kwa bendeksi iliyokwama na uchafu au kaboni zilizochoka, pigo dogo la mpini wa nyundo linaweza kukufikisha nyumbani. Kwa klachi inayoteleza halifanyi kitu. Stata za kisasa zenye sumaku za kudumu zina sumaku zinazopasuka kama kigae, na kipande kikiangukia amecha umemaliza stata nzima.

Bodaboda yangu nayo inalia "wiii" nikibonyeza kitufe. Ni bendeksi?

Ni ndugu yake. Kwenye pikipiki nyingi za ukubwa wa cc 125 hadi 150, klachi ya rola iko ndani ya injini, nyuma ya sumaku ya magineti. Rola na springi zake zikichoka, mota inazunguka bure. Kiki itakuwashia hadi upate kipuri. Magineti huvutwa kwa kivutio chake. Akikujia mtu na tindo, chukua pikipiki yako uende kwingine.